Hati ya Ukaguzi wa Ndani: Maneno Yanayoacha Mianya na Namna ya Kuyaandika Upya

Mkaguzi wa ndani anapofika katika zahanati ya kijiji na kuomba daftari la fedha, leja ya stoo na mihtasari ya kamati ya ujenzi, swali la kwanza analoweza kukutana nalo ni hili: ni nani aliyempa mamlaka ya kuviona vitabu hivyo? Jibu halimo katika kitambulisho alichovaa shingoni. Limo katika waraka mfupi, kwa kawaida wa kurasa chache tu, unaoitwa Hati ya Ukaguzi wa Ndani. Wananchi wengi hawajawahi kuuona, na hata baadhi ya watumishi huusikia tu unapotokea ubishi. Hata hivyo, ubishi ukitokea, waraka huo ndio unaoamua kama kitabu kitafunguliwa siku hiyo, wiki ijayo, au kisifunguliwe kabisa.

Ukaguzi wa ndani wenyewe hautegemei hati hiyo ili uwepo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, Sura ya 290, inaitaka kila halmashauri iwe na mkaguzi wake wa ndani, na Memoranda ya Fedha ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009 inaweka taratibu za kazi yake. Kazi ya hati ni kuichukua amri hiyo ya jumla na kuifanya itekelezeke katika halmashauri moja: nani anamwajibikia nani, nini kinakaguliwa, na taarifa inakwenda wapi na lini. Sheria ikiwa ni nguzo ya nyumba, hati ni mlango na komeo lake.

Hapa inafaa kutenganisha wakaguzi wa aina mbili ambao mara nyingi huchanganywa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ofisi yake imewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba, hutoka nje ya halmashauri, hukagua hesabu za mwaka uliokwisha, na taarifa yake huishia Bungeni. Mkaguzi wa ndani ni mtumishi wa halmashauri yenyewe. Yupo mwaka mzima, na anaweza kugundua kasoro wakati ukuta bado unajengwa na fedha bado zinaweza kuokolewa. Faida hiyo ndiyo pia udhaifu wake, kwa kuwa anakagua ofisi zilezile anazokutana nazo kila asubuhi, na bajeti yake hupangwa na watu ambao kesho huenda akawaandikia hoja.

Januari 2024, Taasisi ya Wakaguzi wa Ndani, jumuiya ya kimataifa ya taaluma hiyo iliyoanzishwa Marekani mwaka 1941, ilitoa viwango vipya vya ukaguzi wa ndani, vikaanza kutumika tarehe 9 Januari 2025. Viwango hivyo vinataka kila kitengo cha ukaguzi kiwe na hati iliyoidhinishwa na chombo cha usimamizi, inayotaja mamlaka ya kitengo, nafasi yake katika taasisi, mstari wake wa kuwajibika na mipaka ya kazi yake. Ndiyo maana vitengo vingi vimelazimika kufungua tena hati zilizokaa kabatini kwa miaka. Wanaozifungua hukuta kwamba tatizo kubwa si kifungu kilichokosekana. Tatizo ni vifungu vilivyopo ambavyo vikisomwa kwa sauti havisemi kitu.

Maneno yasiyo na mwenyewe

Kiswahili cha ofisini kina maneno kadhaa yanayofanya sentensi ionekane imekamilika ilhali haijamfunga mtu yeyote. La kwanza ni "husika". Hati inaposema kwamba "taarifa itawasilishwa kwa mamlaka husika", msomaji hutikisa kichwa kwa kukubali, lakini akiulizwa mamlaka hiyo ni ipi, mmoja atasema ni Mkurugenzi, mwingine atasema ni Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na wa tatu atasema ni mkuu wa idara iliyokaguliwa. Wote watatu watakuwa wameisoma hati kwa usahihi.

Nduguye ni "ipasavyo", pamoja na "stahiki", "kwa wakati", "kadiri itakavyowezekana" na "pale inapobidi". Kila moja linaacha uamuzi mikononi mwa mtu ambaye hakutajwa. Taarifa iliyotolewa miezi saba baada ya ukaguzi inaweza kutetewa kuwa ilitolewa "kwa wakati", kwa sababu hakuna aliyesema wakati wenyewe ni upi.

Mwanya wa tatu haumo katika neno bali katika kitenzi. Kauli ya kutendwa humficha mtendaji. "Hoja zitajibiwa ndani ya muda uliopangwa" ni sentensi ambayo kila idara inaweza kuisoma kuwa inahusu idara nyingine. Ikiandikwa "Mkuu wa idara iliyokaguliwa atajibu kila hoja kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu alipoipokea", jina la kazi limeingia, siku zimeingia, na mahali pa kuanzia kuhesabu pamewekwa. Hakuna neno gumu lililoongezwa. Kilichoongezwa ni mtu.

Anayeandika hati upya anaweza kupita kila sentensi na kuiuliza maswali matano: nani anatenda, anatenda nini, lini, kwa nani, na asipotenda nini kinafuata? Sentensi isiyojibu swali la kwanza ni ya kuandikwa upya mara moja. Isiyojibu la tano ni ahadi tu. Katika kazi hii swali la tano ndilo linalosahauliwa zaidi, kwa kuwa si jambo la kupendeza kuandika katika waraka rasmi kwamba huenda kiongozi akakataa.

Uhuru unaoweza kuonekana

Kifungu cha uhuru katika hati nyingi huandikwa hivi: "Kitengo cha Ukaguzi wa Ndani kitakuwa huru na kitafanya kazi zake bila kuingiliwa isivyo lazima." Maneno mawili ya mwisho yanabomoa yote yaliyotangulia. Ikiwa kuna kuingiliwa kusiko lazima, basi kuna kuingiliwa kulikoruhusiwa, na hati haikusema ni kupi.

Kabla ya kukiandika upya inabidi kukubali ukweli mmoja. Mkaguzi wa ndani hawezi kuwa huru kwa namna ya hakimu au ya Mkaguzi Mkuu. Analipwa na halmashauri, anaomba likizo kwa Mkurugenzi Mtendaji, na gari analotumia ni la halmashauri. Kwa hiyo uhuru wake hauwezi kutangazwa kwa neno moja. Unajengwa kwa kutenganisha mistari miwili ya uwajibikaji. Katika mambo ya utumishi na uendeshaji wa kila siku, yaani likizo, vifaa, mahudhurio na malipo ya safari, Mkuu wa Kitengo yuko chini ya Mkurugenzi. Katika mambo ya kazi ya ukaguzi yenyewe, yaani mpango wa mwaka, uchaguzi wa maeneo ya kukagua, maudhui ya taarifa na tathmini ya kazi yake, anaiwajibikia Kamati ya Ukaguzi.

Baada ya mistari hiyo kutenganishwa, kifungu kinaweza kuandikwa kwa kutaja vitendo. Kwa mfano: "Mkurugenzi, mkuu wa idara au mtumishi mwingine yeyote hataondoa eneo katika mpango wa ukaguzi, hatabadilisha hoja wala hatazuia taarifa. Akiwa na pingamizi, ataliandika na litaambatishwa kwenye taarifa kama lilivyo." Sentensi ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza. Haimnyimi Mkurugenzi sauti, ambayo ni haki yake akiwa Afisa Masuuli anayebeba dhamana ya fedha zote za halmashauri. Inaihamisha sauti hiyo kutoka mlangoni mwa ofisi hadi kwenye karatasi, ambako Kamati itaisoma pamoja na hoja yenyewe.

Lakini mara nyingi uhuru wa mkaguzi haufi kwa amri. Hufa kwa mafuta ya gari. Mpango wa mwaka unaonyesha kwamba robo ya pili wakaguzi watatembelea zahanati na shule za kata za mbali. Robo inafika, fungu la safari limepunguzwa, gari limepangiwa kazi nyingine, na idara inayotakiwa kukaguliwa inajitolea kwa ukarimu kuwachukua wakaguzi katika gari lake na kuwalipia posho ya siku. Hakuna aliyeingilia kazi ya mtu, lakini mkaguzi anafika kituoni akiwa mgeni wa anayekaguliwa, kwa saa zilizochaguliwa na mwenyeji wake.

Hati iliyoandikwa vizuri huligusa jambo hili waziwazi. Husema kwamba posho na usafiri wa wakaguzi hautalipwa kutoka fungu la idara inayokaguliwa, na kwamba bajeti ya Kitengo ikipunguzwa baada ya kupitishwa, Mkuu wa Kitengo ataieleza Kamati ya Ukaguzi kwa maandishi, katika kikao chake kinachofuata, ni ukaguzi upi hautafanyika kwa sababu hiyo. Hati haiwezi kuzalisha fedha ambazo hazipo. Inachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba kukosekana kwa fedha kunaandikwa kama uamuzi wenye athari, badala ya kupita kimya hadi mwaka uishe.

Jambo la tatu katika uhuru ni kazi ambazo mkaguzi hapaswi kuzifanya. Hutokea mkaguzi wa ndani akaombwa kupitia na kusaini hati za malipo kabla fedha hazijatoka, ili naye aridhike. Ombi hilo linaonekana kama tahadhari nzuri, lakini likikubaliwa, sahihi yake inakuwa sehemu ya malipo hayo, na miezi michache baadaye hawezi kuyakagua bila kujikagua mwenyewe. Viwango vya kimataifa vinamtaka mkaguzi asitoe hakikisho juu ya shughuli aliyowahi kuwa na dhamana nayo katika miezi 12 iliyopita. Hati itaje kipindi hicho kwa tarakimu, na iseme kwamba mtumishi aliyehamia Kitengo cha Ukaguzi kutoka ofisi ya Mweka Hazina hatakagua kazi za ofisi hiyo mpaka miezi hiyo 12 iishe.

Kuna mpaka mmoja ambao hati haiwezi kuuvuka. Uhamisho wa watumishi wa umma unaamuliwa na mamlaka zilizo juu ya halmashauri, na waraka wa ndani hauwezi kuzifunga. Kifungu kinachosema kwamba "Mkuu wa Kitengo hatahamishwa bila ridhaa ya Kamati" kingeonekana kishujaa lakini kisingekuwa na nguvu. Kifungu cha kweli kinasema kwamba Mkurugenzi akipendekeza uhamisho, adhabu au kuondolewa kwa Mkuu wa Kitengo, ataitaarifu Kamati ya Ukaguzi kwa maandishi pamoja na sababu, na maoni ya Kamati yataingizwa katika muhtasari wa kikao. Kinaahidi kidogo, na kidogo hicho kinatekelezeka.

Kamati yenyewe nayo inahitaji sentensi yake. Mjumbe ambaye idara yake ndiyo inayojadiliwa anapaswa kutoka chumbani wakati hoja za idara hiyo zinaamuliwa, na muhtasari uonyeshe kwamba alitoka. Bila hivyo mstari wa pili wa uwajibikaji uliojengwa kwa uangalifu unarudi palepale ulipoanzia.

Mipaka ya kazi: zahanati, shule, mashine na mifumo

Hati ikisema kwamba Kitengo kitakagua "shughuli zote za Halmashauri kadiri inavyofaa", mwananchi anaweza kudhani hakuna kilichoachwa. Mkaguzi anajua vinginevyo. Shule na vituo vya afya sasa hupokea fedha moja kwa moja katika akaunti zao na kutunza hesabu zao katika mfumo wa FFARS. Malipo ya halmashauri hupita katika mfumo wa MUSE. Ushuru hukusanywa kwa mashine za kielektroniki ambazo wakati mwingine hushikwa na wakala asiye mtumishi. Majengo mengi ya umma katika vijiji hujengwa na mafundi wa kawaida chini ya kamati zilizoundwa na wananchi wenyewe. Je, kamati ya ujenzi ya kijiji ni "shughuli ya Halmashauri"? Mwenyekiti wake anaweza kusema sivyo, na maneno ya hati hayatamkanusha.

Wengine hujaribu kuziba mwanya huu kwa orodha ndefu: shule, zahanati, vituo vya afya, masoko, stendi, machinjio. Orodha ina hatari yake, nayo ni kwamba kisichotajwa huonekana kimeachwa kwa makusudi. Mnada wa mifugo usipokuwemo, msimamizi wake atauliza mbona haumo. Njia salama zaidi ni kuanza na kanuni, kisha mifano. Kanuni inaweza kuwa hii: "Kitengo kinaweza kukagua shughuli, mradi, akaunti, mfumo au mali yoyote inayogharimiwa, kumilikiwa au kusimamiwa na Halmashauri, kwa ukamilifu au kwa sehemu, hata kama inaendeshwa na kamati, wakala au mkandarasi." Mifano ikifuata baada ya hapo, iandikwe wazi kwamba haikusudii kupunguza kanuni.

Kwa kanuni hiyo, swali kuhusu kamati ya ujenzi linajibiwa kwa kuangalia fedha zilikotoka. Saruji ikinunuliwa kwa fedha zilizoletwa na halmashauri, au ikimilikiwa nayo, mkaguzi ana haki ya kuiona leja. Kwa wakandarasi na mawakala wa ushuru jambo moja zaidi linahitajika. Hati ya halmashauri haimfungi mtu wa nje ambaye hakuisaini, kwa hiyo haki ya kukagua kumbukumbu zake inapaswa kuandikwa pia katika mkataba wake. Hati iseme ni nani atakayehakikisha kifungu hicho kinaingia katika kila mkataba, na anayestahili kutajwa ni mkuu wa kitengo cha ununuzi.

Haki ya kuona kumbukumbu nayo huandikwa kwa ulegevu. "Wakaguzi watapewa ushirikiano wa kutosha" ni maneno ya ukarimu ambayo hayana kipimo. Yanaweza kuwa hivi: "Mtumishi anayetunza kumbukumbu ataionyesha siku ileile anapoombwa ikiwa ipo kituoni, au ndani ya siku 3 za kazi ikiwa imehifadhiwa kwingine. Asipoitoa, mkaguzi ataandika jina la kumbukumbu, cheo cha aliyeombwa na tarehe, na kukosekana kwake kutaripotiwa kama hoja." Kwa mifumo ya kompyuta, wakaguzi wapewe akaunti ya kusoma tu, yaani inayowawezesha kuona miamala bila kuweza kuibadilisha. Mkaguzi anayetegemea mhasibu amtolee ripoti kutoka kwenye mfumo anaona kile mhasibu alichoamua kukitoa.

Mipaka inahusu pia kisichofanywa. Mkaguzi wa ndani hapelelezi makosa ya jinai wala hamhoji mtu kwa kiapo. Akikuta dalili za wizi au rushwa, hati imwelekeze kwa hatua mahususi: ahifadhi nakala za vielelezo, amweleze Mkurugenzi na Mwenyekiti wa Kamati ya Ukaguzi ndani ya siku zilizotajwa, na suala lipelekwe TAKUKURU au Polisi. Dalili ikimhusu Mkurugenzi mwenyewe, taarifa iende kwa Mwenyekiti wa Kamati bila kupitia kwake. Sentensi hiyo ni ngumu kuandika katika waraka ambao Mkurugenzi atausaini. Iandikwe wakati ambapo hakuna anayetuhumiwa, kwa sababu akishapatikana mtuhumiwa itakuwa vigumu zaidi.

Mifuko 60 ya saruji

Mfano ufuatao ni wa kufikirika, lakini hatua zake ni zile zinazotokea katika ukaguzi wa kawaida. Zahanati inajengewa jengo la wazazi. Hati ya malipo inaonyesha mifuko 200 ya saruji iliyonunuliwa kwa Sh. 18,000 kila mmoja, jumla Sh. 3,600,000. Mkaguzi anafungua leja ya stoo na kukuta mifuko 140 imeingizwa. Kumbukumbu ya mapokezi inayopaswa kuonyesha idadi iliyoshushwa siku hiyo haipo. Tofauti ni mifuko 60, yenye thamani ya Sh. 1,080,000.

Chini ya hati ya zamani, mkaguzi anaandika hoja na kuipeleka kwa "uongozi husika". Msimamizi wa kituo anasema kumbukumbu iko kwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, naye mwenyekiti anasema aliirejesha kituoni. Hoja inasubiri majibu "ndani ya muda muafaka". Taarifa ya robo mwaka inatoka ikiwa na sentensi moja: kulikuwa na mapungufu madogo katika utunzaji wa stoo. Neno "madogo" halikuwekwa na mkaguzi. Limeingia wakati rasimu ikipita mkono hadi mkono. Ukaguzi wa nje ukifika mwaka unaofuata, jengo limepigwa lipu, mafundi wametawanyika, na hakuna anayeweza kusema kama ile mifuko 60 haikufika kabisa, au ilifika ikatumika bila kuandikwa.

Tofauti kati ya hali hizo mbili ni kubwa, na inapimika mapema tu. Kabla ya lipu, mkaguzi anaweza kuhesabu matofali yaliyofyatuliwa, kuangalia vipimo vya msingi na sakafu, kumuuliza fundi uwiano wa mchanganyiko, na kukadiria saruji iliyoingia. Anaweza kuitazama nakala ya risiti ya muuzaji na kumuuliza dereva wa gari lililoleta mzigo. Baada ya lipu sehemu kubwa ya ushahidi huo imefunikwa. Kwa hiyo siku zinazotajwa katika hati si mapambo, kwa kuwa ushahidi wa mradi wa ujenzi una umri wake.

Chini ya hati iliyoandikwa upya, mambo yanakwenda hivi. Kumbukumbu ya mapokezi isipotolewa ndani ya siku 3 za kazi, kukosekana kwake ni hoja ya pekee, tofauti na ile ya mifuko. Siku 10 za kazi baada ya kikao cha kufunga ukaguzi kituoni, Mkuu wa Kitengo anapeleka rasimu kwa mkuu wa idara ya afya na nakala kwa Mkurugenzi. Mkuu wa idara ana siku 14 za kujibu. Akijibu, jibu linaambatishwa kwa maneno yake mwenyewe. Asipojibu, taarifa inatoka ikiwa na maneno "hakuna jibu lililopokelewa" na tarehe. Hakuna mtu anayeruhusiwa kuongeza neno "madogo", kwa kuwa uzito wa hoja unapangwa kwa kipimo kilichomo ndani ya hati: hoja ni ya uzito wa juu ikiwa fedha au mali imekosekana bila maelezo, ikiwa huduma kwa wananchi imesimama, au ikiwa kasoro ileile ilikwisharipotiwa na kurudiwa.

Kisha linakuja swali la tano. Mkurugenzi anaweza kuipokea hoja, kuona maelezo ya kituo yanatosha, na kuamua kutochukua hatua. Ana mamlaka hayo. Viwango vya kimataifa vinasema kwamba mkuu wa ukaguzi akiona uongozi umekubali athari ambayo taasisi haipaswi kuibeba, alijadili na uongozi kwanza, na lisipotatuliwa alipeleke kwa chombo cha usimamizi. Hati iligeuze hilo kuwa tendo lenye tarehe: Mkurugenzi ataandika uamuzi wake na sababu, na Mkuu wa Kitengo ataupeleka kwa Kamati ya Ukaguzi katika kikao kinachofuata. Baada ya hapo kazi ya mkaguzi katika jambo hilo imekwisha. Hana mamlaka ya kumlazimisha mtu kulipa, na hati isijaribu kumpa.

Taarifa inakwenda wapi, na mwananchi anaona nini

Taarifa za ukaguzi wa ndani ni nyaraka za ndani. Tofauti na taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambayo Rais huagiza iwasilishwe Bungeni na yeyote anaweza kuisoma, na ambayo Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huijadili kwa kuwaita wakurugenzi, taarifa ya mkaguzi wa ndani huishia kwa Mkurugenzi, Kamati ya Ukaguzi na mamlaka za usimamizi, akiwemo Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali. Hati ivitaje vyombo hivyo kwa majina, na kwa kila kimoja iseme kinapata nini na lini, badala ya kuvijumuisha chini ya "wadau wote".

Hilo halina maana kwamba mwananchi abaki gizani. Hati inaweza kuagiza kwamba kila robo mwaka Kitengo kitaandaa ukurasa mmoja unaoonyesha kwa kila kata idadi ya mapendekezo yaliyotolewa, yaliyotekelezwa, na yaliyopitiliza muda wake, na kwamba Mkurugenzi ataubandika katika ubao wa matangazo wa ofisi ya kata ndani ya siku 7. Majina ya watu yasiwemo, kwa kuwa hoja ya ukaguzi si hukumu, na mtu aliyetajwa kabla hajasikilizwa anaweza kudhulumiwa. Namba zinatosha. Kata yenye mapendekezo manane, yote yamepitiliza muda, ina jambo la kumuuliza diwani wake.

Kuna upande wa pili pia: taarifa inayotoka kwa mwananchi kwenda kwa mkaguzi. Mkazi aliyehesabu mifuko ikishushwa anajua jambo ambalo leja haijui. Hati nyingi hazisemi ampelekee nani. Sentensi mbili zinatosha: moja inayosema kwamba Mkuu wa Kitengo atapokea taarifa ya maandishi au ya mdomo kutoka kwa mkazi yeyote, na ya pili inayosema kwamba ataiandika katika rejesta na kumjulisha mtoa taarifa, ndani ya siku zilizotajwa, kama itafanyiwa kazi au haitafanyiwa kazi. Kitengo kisiahidi kwamba kila malalamiko yatakaguliwa, kwa kuwa hakitaweza.

Jambo hilo la uwezo linahusu hati nzima. Mwandishi mwenye ari huweza kuweka siku 2 pale panapohitaji 10, kwa kudhani kwamba muda mfupi ni ukali. Kitengo chenye wakaguzi wachache na vituo vingi kitavunja kifungu hicho katika mwezi wa kwanza. Kifungu kilichovunjwa mara tatu bila mtu kusema neno hurudi kuwa "kwa wakati", ingawa tarakimu bado zimo. Kabla ya kuweka siku yoyote, inafaa kupitia majalada ya mwaka uliopita na kuona rasimu ilichukua muda gani kwa kweli, kisha kupunguza pale palipokuwa na uzembe na kuacha pale palipokuwa na umbali.

Rasimu ikiwa tayari, Mkuu wa Kitengo huijadili na Mkurugenzi, kisha Kamati ya Ukaguzi huiidhinisha. Ukurasa wa mwisho hubeba sahihi za watatu hao, tarehe ya kuanza kutumika, na tarehe ambayo hati itafunguliwa tena. Inafaa hati ipitiwe mara moja kila mwaka, na kikao hichohicho kimsikilize Mkuu wa Kitengo akieleza kwa maandishi kama katika miezi 12 iliyopita uhuru wa Kitengo uliguswa, wapi, na kwa namna gani. Nakala ya hati hukabidhiwa kila mkuu wa idara, kila mtendaji wa kata na kila msimamizi wa kituo cha huduma, naye husaini kuipokea, ili mkaguzi atakayefika mlangoni asiulizwe tena ametumwa na nani.